Mshale Uliogota Mwisho: Nilivyojifunza Kufundisha Kumvuta Mgonjwa Kitandani

Mgongo wangu uliharibika nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, na siku yenyewe sikuhisi kitu. Ilikuwa zamu ya asubuhi. Mimi na mwenzangu tulimkuta mzee mmoja ameteleza hadi miguu inagusa upande wa chini wa kitanda. Kila mmoja wetu akapitisha mkono chini ya kwapa lake, tukahesabu hadi tatu, tukamnyanyua na kumvuta juu. Akasogea, tukaendelea na kazi. Nilimaliza zamu, nikala, nikalala vizuri. Kesho yake niliinama kufunga kamba za viatu, nikashindwa kuinuka.

Nilikaa nje ya wodi wiki tatu. Kwa miaka mingi baadaye niliamini kosa langu lilikuwa moja tu, kwamba niliinama bila kukunja magoti. Ndivyo nilivyokuwa nimefundishwa, na nilipokuwa mkufunzi nikafundisha hivyohivyo.

Kikao changu cha kwanza kilichukua saa mbili. Nilileta boksi lililojaa chupa za maji ya dripu, nikaliweka sakafuni, nikawaonyesha: miguu ipanue, magoti kunja, mgongo uwe wima, boksi libane kifuani, inuka kwa mapaja. Walifanya mmoja baada ya mwingine na wote walifanya vizuri. Niliwapigia makofi. Siku kumi baadaye nikapita wodini nikakuta wawili kati yao wamemshika mama mmoja makwapani, wanahesabu hadi tatu.

Nilisubiri wamalize ndipo nikawaita pembeni. Nikawauliza kama yale tuliyofundishana wameyasahau. Yule mfupi zaidi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, lile boksi lilikuwa na pembe za kushika. Tena halikuwa katikati ya kitanda."

Sikuwa na jibu. Alikuwa amesema kweli tupu, na ilinibidi nirudi nyumbani na ile sentensi yake.

Tazama mgonjwa alivyolala. Yuko katikati ya godoro. Ukisimama ukingoni, magoti yako unaweza kuyakunja upendavyo lakini fremu ya kitanda inakuzuia kumkaribia, kwa hiyo mikono inanyooka mbele na kiwiliwili kinaifuata. Mzigo sasa uko umbali wa nusu mita kutoka kwenye mgongo wako. Misuli inayoushikilia mgongo usianguke mbele iko nyuma tu ya pingili, kama sentimita 5 kutoka katikati ya diski. Ni kama bembea ya ubao ambayo upande mmoja una sentimita 50 na mwingine una 5. Kilo 10 ukizishika mbali hivyo, misuli inalazimika kuvuta kama kilo 100 ili mambo yalingane, na hapo hatujahesabu uzito wa kichwa chako, mikono na kifua ambavyo navyo vimeinama. Mvuto huo wote unazibana diski za kiuno. Kukunja magoti hakubadilishi hesabu hii hata kidogo, kwa sababu tatizo ni umbali.

Kuna kipimo ambacho sasa huwaandikia ubaoni mapema. Mwaka 2007 mtafiti wa Marekani, Thomas Waters, alipendekeza kwamba muuguzi asinyanyue kwa mikono zaidi ya kilo 16 za mwili wa mgonjwa, na hiyo ni pale hali inaporuhusu: mgonjwa ametulia, huna haja ya kujipinda wala kunyoosha mikono mbali. Wanafunzi wakiiona namba hiyo hucheka kidogo, maana hakuna mtu mzima wa kilo 16. Ndipo nawaomba wapige hesabu ya mguu. Mguu mmoja, kuanzia nyonga hadi kisigino, ni takriban sehemu moja ya sita ya uzito wa mwili. Kwa mgonjwa wa kilo 78 huo ni kama kilo 13. Basi ukimpandishia miguu yote miwili kitandani kwa mkupuo, peke yako, umeshapita kikomo bila hata kumgusa kiuno.

Kwa hiyo niliacha kufundisha namna ya kunyanyua. Nikaanza kufundisha namna ya kutonyanyua, jambo gumu zaidi kwa sababu halina mkao mmoja wa kuonyesha mbele ya darasa.

Kikao cha pili nilikifanyia kwenye kitanda cha chumba cha mazoezi. Nilikuja na ile mizani ya kuning'iniza ya kupimia watoto kliniki, yenye uso wa duara na mshale unaoishia kilo 25. Mwanafunzi mmoja wa kilo 65 hivi akajitolea kuwa mgonjwa. Tukamlaza chali kwenye shuka la pamba, chini yake shuka dogo la kuvutia, miguu imenyooka. Nikafunga ukingo wa shuka la kuvutia kwenye ndoano ya mizani na kumwambia mwenzake avute kuelekea kichwani, taratibu. Mshale ukapanda, ukapanda, ukagota kwenye 25. Mgonjwa wetu hakusogea hata kidole.

Darasa lilinyamaza, nami nikafurahi moyoni, maana boksi langu halijawahi kunyamazisha mtu.

Mara ya pili tukamgeuza ubavu, tukaingiza chini ya shuka la kuvutia mfuko mkubwa wa plastiki mgumu uliokunjwa mara mbili, kuanzia mabegani hadi chini ya makalio, tukamrudisha chali. Akavutwa tena. Mshale ulisimama kwenye 12 hivi, naye akateleza. Mara ya tatu, plastiki ipo, magoti yamekunjwa, nyayo zikiwa bapa godoroni, nikamwambia asukume kwa nyayo mwenzake anapovuta. Haukufika hata 6.

Mtu ni yuleyule, kitanda ni kilekile, mvutaji ni yuleyule. Hakuna aliyejifunza mkao wowote mpya kati ya mara ya kwanza na ya tatu. Kilichobadilika ni msuguano na kiasi cha kazi aliyoifanya mgonjwa mwenyewe. Ukimvuta mtu juu kitandani, anayekupinga hasa ni msuguano wa sehemu tatu: mabega, makalio na visigino. Magoti yakikunjwa, visigino havibururwi tena. Plastiki juu ya plastiki inateleza pale pamba juu ya pamba inapong'ang'ania. Na msuguano huo unaoumiza kiuno chako ndio huohuo unaochubua ngozi ya mgonjwa pale juu ya makalio, mahali ambapo vidonda vya kulalia huanzia.

Hapa nieleze kwa nini kushika kwapa ni kubaya kuliko kunavyoonekana. Ukimvuta mtu kwa makwapa, mabega yanakuja lakini makalio, ambayo ndiyo sehemu nzito, yanabaki yakiburuzwa. Uzito wote unaning'inia kwenye kiungo cha bega. Kwa mtu aliyepooza upande mmoja, misuli inayoshikilia bega hilo imelegea, na bega linaweza kuteguka hata kwa mvuto ambao wewe unauona mdogo. Na wewe unayevuta umejipinda, umeegemea upande mmoja, mkono mmoja ndio unaobeba. Kila mtu katika tendo lile anapoteza kitu.

Wiki iliyofuata tukaipeleka kazi hiyo wodini, kwa mgonjwa wa kweli. Nimwite Baba Mkubwa, kama wanafunzi walivyomwita. Alikuwa na kiharusi, upande wa kulia umelegea, uzito wake kwenye chati kilo 78. Alikuwa na mpira wa chakula puani na mpira wa mkojo, na kichwa cha kitanda kilikuwa kimeinuliwa kwa sababu ya chakula. Aliteleza chini mara nyingi kwa siku. Wanafunzi wanne, na mmoja wao alikuwa yule mfupi wa boksi.

Niliwazuia wasimguse kwanza. Nikawauliza, kwa nini anateleza?

Walitazamana. Mmoja akasema ni mzito. Mwingine akasema hana nguvu. Nikawaonyesha kitanda: kichwa kimeinuliwa, mapaja yamelala bapa. Mgongo umekuwa mteremko na chini hakuna kitu cha kumzuia. Kitanda chenye sehemu ya magoti inayoinuka, unainua magoti kwanza halafu kichwa. Kile hakikuwa nayo, kwa hiyo ilitosha kukunja blanketi kama gogo na kuliweka chini ya mapaja, si nyuma ya goti penyewe ambapo linabana mishipa. Kama wangefanya hivyo asubuhi, huenda wangemvuta mara mbili badala ya sita. Nasema huenda kwa sababu sikuhesabu, lakini kesho yake dada wa zamu aliniambia mwenyewe kwamba mzee "ametulia mahali pake".

Baada ya hapo ndipo tukaanza. Waliongea naye kwanza, wakamwambia wanachotaka kufanya na wakamwuliza wapi atasaidia. Mguu wa kushoto ulikuwa mzima, na hiyo ilikuwa nguvu ambayo hakuna aliyekuwa ameitumia tangu alazwe. Wakafunga breki za kitanda. Yule mfupi akasukuma kitanda kwa nyonga yake ili kuhakikisha, na magurudumu mawili yalikuwa bado huru. Kitanda kikikimbia katikati ya mvuto, mwili wako unajikaza ghafla kukifuata, na hapo kiuno kinaweza kuumia.

Wakasimamisha chakula cha mpira kabla ya kumlaza bapa, maana ukimlaza chakula kikiendelea kuingia kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Mfuko wa mkojo wakauhamishia upande ambao mpira wake ungebaki umelegea. Kisha kichwa cha kitanda kikashushwa huku wakimtazama anavyopumua. Mgonjwa mwingine hawezi kulala bapa hata dakika moja, na kwake unashusha kadiri anavyovumilia, basi.

Kisha urefu. Kitanda kile kilipanda kwa kukanyaga pedali, na pedali ilikuwa ngumu, ndiyo maana hakuna aliyekuwa akiigusa. Walikipandisha hadi godoro likafika kiunoni kwa yule mfupi. Yule mrefu aliyesimama upande wa pili alilalamika kwamba kwake ni chini. Nikamwambia apanue miguu zaidi, atashuka. Mrefu anaweza kujifupisha, ila mfupi hana namna ya kujirefusha isipokuwa kwa kuinua mabega, na akivuta akiwa ameinua mabega ataumia shingo.

Walimgeuza upande mmoja kisha mwingine, plastiki ikaingia chini ya shuka la kuvutia. Shuka lazima liwe kati ya plastiki na ngozi. Mto wakauondoa chini ya kichwa wakausimamisha kwenye ubao wa kichwani, ili kikienda mbali kisigonge. Mkono uliolegea ukawekwa juu ya tumbo, na ule mzima juu yake ukiushika. Goti la kushoto alilikunja mwenyewe. La kulia lililegea kila likikunjwa, kwa hiyo mwanafunzi wa tatu akakaa nalo, akilishikilia goti lisianguke na unyayo usiteleze. Wa nne nilimwambia asimame akitazama tu migongo ya wenzake, aseme atakapoona inaviringika.

Wavutaji wawili, mmoja kila upande, walisokota ukingo wa shuka hadi ngumi zao zikagusa mwili wa mgonjwa, mkono mmoja usawa wa bega na mwingine usawa wa nyonga. Wanafunzi wengi hushika shuka mbali, kwenye pindo, nalo likilegea wanakuta wanavuta kitambaa badala ya mtu. Mguu wa mbele uelekee kichwani, wa nyuma uelekee kitandani. Unaanza uzito ukiwa juu ya mguu wa nyuma, na mvuto wenyewe ni kuuhamishia kwenye mguu wa mbele, mikono ikiwa imetulia tu kama kamba. Mkono ukikunjika kwenye kiwiko ujue wanaanza kunyanyua.

Jambo la mwisho ni neno la kuondokea. Hili nilidharau kwa muda mrefu. "Moja, mbili, tatu" kwa wengine inamaanisha wanaondoka kwenye tatu, na kwa wengine wanaondoka baada ya tatu. Anayetangulia anabeba mzigo wote kwa nusu sekunde. Siku ile wakakubaliana neno "haya", na Baba Mkubwa naye akaelezwa kwamba akisikia "haya" ainamishe kidevu kifuani na asukume kwa mguu wa kushoto.

"Tayari? Haya."

Alisogea kama shibiri moja. Wakasimama, wakarekebisha miguu yao, wakarudia. Shibiri nyingine. Mara tatu akawa mahali pake. Yule wa nne alisema neno mara moja tu, mrefu alipovuta akiwa ameangalia pembeni. Niliwauliza wavutaji kama walishikilia pumzi. Hakuna. Hiyo ndiyo dalili ninayoiamini kuliko sura ya mgongo: mtu akibana pumzi na kukunja uso, amenyanyua, hata kama magoti yake yalikunjwa vizuri kama picha ya kitabuni.

Plastiki ilitolewa hapohapo, na hapa niliwasisitizia kwa sauti. Kinachomtelezesha juu kitamtelezesha chini, na hata nje ya kitanda. Kingo za kitanda ziwe juu kabla hujaondoka, plastiki itoke kabla hujainua kichwa, na isihamie kwa mgonjwa mwingine. Kisha blanketi chini ya mapaja, kichwa juu, chakula kirudi, kitanda kishushwe hadi chini kabisa.

Yote hayo yalichukua dakika saba. Kumvuta kwa makwapa kunachukua nusu dakika, na najua hoja hiyo inasemwa wodini kila siku. Sikatai. Ila nilikaa wiki tatu nje kwa ajili ya nusu dakika.

Kuna vitanda visivyopanda, na wanafunzi walinibana kwa swali hilo. Kwa kitanda kilicho chini, unaweza kuweka goti moja juu ya ukingo wa godoro, juu ya kitambaa safi, ili ule umbali wa nusu mita upungue. Si kuzuri kwa usafi na si kuzuri kwa anayevaa sketi, lakini ni bora kuliko kuinama kutoka juu kama korongo. Mwingine aliniuliza kuhusu mikanda ya mgongo inayouzwa. Nilimwambia mkanda haupunguzi msuguano wala umbali. Unampa tu mtu ujasiri wa kunyanyua asichopaswa kunyanyua.

Huwaambia pia habari ya mgongo uliokwisha kuuma. Maumivu ya misuli yanayokuja kesho yake hupungua kwa siku na wiki, na kutembea husaidia kuliko kulala. Mimi nililala wiki nzima ya kwanza na nadhani nilijichelewesha. Lakini maumivu yanayoshuka mguuni na mguu kukosa nguvu ni ya kumwona daktari mapema. Na ukianza kufa ganzi sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja, au mkojo ukakataa kutoka, au haja zikakutoka bila kujua, hiyo ni dharura ya leo, saa hii. Usisubiri zamu iishe.

Mwisho wa kikao yule mfupi akanyosha mkono. Akasema, "Mwalimu, usiku tuko wawili. Mgonjwa ana kilo 110, hawezi kukunja goti lolote, ameteleza. Hakuna wa tatu. Tunafanyaje?"

Nikamwambia hamumvuti.

Hakuridhika, nikaona. Nikamuuliza, kuteleza kumemletea shida gani usiku huo? Akafikiri. Kama ni ngozi, mnamgeuza ubavu hapohapo alipo, mmoja akivuta shuka kuelekea kwake na mwingine akipanga mito mgongoni, kazi ambayo wawili wanaiweza kwa plastiki. Kama ni kupumua, mnampangia mito mgongoni na kichwani palepale alipo hadi akae sawa, hata kama miguu inagusa chini. Kama hapumui vizuri bado, mnaita mtu kutoka wodi ya jirani, na hilo ni jambo la kuita. Kumrudisha mahali pazuri kitandani kunaweza kungoja saa kumi na mbili wenzenu wanapoingia, na mnaandika kwenye ripoti kwamba hakuvutwa na kwa nini.

"Dada wa asubuhi atagomba," akasema.

"Atagomba," nikamjibu. "Mwonyeshe ripoti, kisha umwombe ashike upande wa pili wa shuka."